Tarehe nne kwenye daftari la maabara

Asubuhi ya tarehe 27 Mei nilikuwa nimesimama kwenye dirisha la maabara ya kituo cha afya kilicho jirani na kwangu, mjini Morogoro, nikiwa na kikopo cha choo mkononi na kitambaa mdomoni, kwa sababu tangu saa kumi alfajiri nilikuwa nimetapika mara tatu na kuharisha mara tano. Mtaalamu wa maabara, baba wa makamo ambaye alikuwa amekwisha kunizoea, alifungua daftari lake kubwa kutafuta kumbukumbu zangu. Akaweka kidole kwenye jina langu. Akafunua kurasa kurudi nyuma, akaweka kidole tena, kisha tena.

"Dada," aliniuliza kwa sauti ya chini ili waliokuwa kwenye foleni wasisikie, "mbona wewe unakuja mara moja tu kila mwezi?"

Akaligeuza daftari nilione. Tarehe 3 Machi. Tarehe 31 Machi. Tarehe 29 Aprili. Na ile ya siku hiyo, 27 Mei.

Nilihesabu nikiwa bado nimesimama pale. Siku 28, kisha 29, kisha 28.

Mara zote nne nilikuwa nimevaa pedi, na mara zote nne sikumwambia mtu yeyote. Ni kweli kwamba kila nilipoonana na mganga niliulizwa hedhi yangu ya mwisho ilianza lini, lakini swali lile lilikuwa la kuhakikisha kwamba sina mimba kabla ya kuandikiwa dawa, nami nililijibu hivyo hivyo, kama mtu anayetaja umri wake. Hakuna kati yetu aliyeiweka tarehe ya hedhi kando ya tarehe ya kuharisha.

Ningeweza kuliandika jambo hili mwaka mzima uliopita, na ningeliandika kwa furaha ya mtu aliyepata jibu. Ninaliandika sasa kwa sababu jibu hilo hilo nilimpa mtu mwingine, na kwake halikuwa jibu kamili.

## Dawa iliyopewa sifa isiyo yake

Katika ziara tatu za mwanzo nilitibiwa taifodi mara mbili na amiba mara moja. Kipimo cha taifodi kilikuwa kile cha Widal, kinachotazama kingamwili kwenye damu, na majibu yalisomeka 1 kwa 160. Baadaye nilielezwa kwamba mahali ambapo taifodi ni ya kawaida, mtu mzima anaweza kuishi na kingamwili hizo kwa muda mrefu baada ya maambukizi ya zamani, au baada ya chanjo, hivyo kipimo kimoja peke yake hakithibitishi kwamba anaumwa leo. Taifodi, zaidi ya hayo, ni homa inayopanda na kukaa kwa siku nyingi. Mimi sikuwa na homa hata mara moja.

Lakini dawa zilifanya kazi, na hapo ndipo nilipopotea.

Nilikuwa nikiugua siku ya kwanza ya hedhi, nikienda kupimwa siku hiyo hiyo au ya pili, nikianza vidonge jioni, na kufikia siku ya nne nilikuwa mzima kabisa. Mtu yeyote angesema dawa imeniponya. Sikujua kwamba tumbo langu lingetulia siku ya nne hata kama ningekunywa maji matupu, kwa kuwa ndivyo lilivyokuwa likifanya tangu nikiwa kidato cha pili, nilipokuwa nikilaumu maharage ya bweni. Dawa inayoanzwa wakati ugonjwa unakaribia kuondoka wenyewe hupata sifa isiyo yake, na mgonjwa aliyeridhika harudi kumwambia mganga kwamba pengine walikosea. Anarudi mwezi unaofuata akiamini kwamba ameambukizwa upya.

Metronidazoli, ile ya amiba, nayo huleta kichefuchefu na ladha ya chuma mdomoni. Mwezi wa Aprili nilimeza dawa ya kichefuchefu kwa ajili ya kichefuchefu kilicholetwa na dawa ya kuharisha ambayo sikuihitaji. Ninapokumbuka hilo ninasikitika kuliko ninavyokasirika, kwa sababu kila mtu aliyenihudumia alikuwa akijitahidi kwa kile alichokuwa nacho mkononi.

## Chango

Niliporudi nyumbani nilimpigia mama simu nikamweleza habari ya tarehe zile nne. Hakushangaa.

"Hilo si chango, mwanangu? Hata bibi yako alikuwa nalo. Siku ya kwanza halali, siku ya pili halali, ya tatu anaamka anapika."

Nilikuwa nimelisikia neno hilo maisha yangu yote bila kulitafakari. Kwetu, chango hubeba tumbo zima: minyoo inaitwa chango, msokoto wa utumbo unaitwa chango, na maumivu ya hedhi yanaitwa chango, kana kwamba waliotupa neno hilo walikataa kutenganisha utumbo na mfuko wa uzazi. Sisemi kwamba walijua kemia yake. Ninasema kwamba walikuwa wameona mambo mawili yakitokea pamoja, mwezi baada ya mwezi, wakayapa jina moja, na mimi niliyesoma baiolojia nilikuwa nimeyatenganisha kiasi kwamba nilihitaji daftari la maabara kuyaunganisha tena.

Hata hivyo neno hilo lina hatari yake. Likishatamkwa, watu huacha kuuliza. Chango ni chango, kila mwanamke anapitia, kunywa chai ya tangawizi ulale.

## Kinachotoka kwenye mfuko wa uzazi

Wiki iliyofuata nilipata nafasi ya kumwona daktari wa kike katika hospitali nyingine, na yeye ndiye aliyenieleza kwa utulivu kinachotokea.

Siku chache kabla ya hedhi, homoni ya projesteroni, ambayo imekuwa ikiutunza utando wa ndani wa mfuko wa uzazi, hushuka ghafla. Utando unaanza kuvunjika, na chembe zake zinapovunjika huachia mafuta fulani ambayo hugeuzwa kuwa prostaglandini. Kazi ya prostaglandini pale ni kuubana msuli wa mfuko wa uzazi ili usukume damu na utando nje. Zikiwa nyingi mno, msuli hujibana kwa nguvu hata ukajinyima damu, na maumivu yale makali ya chini ya kitovu, yanayoteremka mpaka mapajani na kurudi kiunoni, ni kilio cha msuli uliokosa hewa.

Lakini prostaglandini hazina anwani moja. Utumbo uko jirani kabisa na mfuko wa uzazi, nao umejengwa kwa msuli wa aina ileile, usiotii amri ya mtu. Zinapoufikia, utumbo nao hujisukuma kwa kasi na kumwaga maji ndani yake, hivyo choo kinatoka laini au majimaji kabla maji hayajanyonywa. Nyingine huingia kwenye mzunguko wa damu na kuleta kichefuchefu, kutapika, kichwa kuuma, hata kutetemeka na kutoka jasho la baridi. Viwango huwa juu zaidi katika saa 48 za mwanzo za hedhi, na hiyo ndiyo sababu bibi yangu aliamka siku ya tatu akapika.

Nilimuuliza daktari tunajuaje kwamba ni prostaglandini kweli, si jambo la kukisia. Akanikumbusha misoprostoli, dawa ambayo wengi wetu tuliojifungulia hospitalini tumepewa au tumeona wenzetu wakipewa ili kuzuia damu nyingi baada ya uzazi. Dawa hiyo ni prostaglandini iliyotengenezwa kiwandani. Wanaoimeza hutetemeka, hupandwa na joto, huharisha, na wengine hutapika. Mwanamke anapewa kwa kidonge kile ambacho mwenzake hujitengenezea mwenyewe kila mwezi, na dalili zinafanana.

Nilikumbuka wodi ya wazazi, usiku ule nilipojifungua mtoto wangu, nikitetemeka chini ya mablanketi mawili huku muuguzi akiniambia ni dawa tu, itapita. Nilielewa.

Historia yake nayo ilinigusa. Jina prostaglandini lilitolewa na Msweden Ulf von Euler katika miaka ya 1930, aliyezikuta kwenye shahawa akadhani zinatoka kwenye tezi ya kibofu ya wanaume, iitwayo prosteti. Ilikuwa mwaka 1957 ambapo mtafiti Pickles alieleza kwamba damu ya hedhi ina kitu kinachobana misuli ya namna hii. Kemikali inayowalaza chini wanawake wengi kila mwezi imebaki na jina la kiungo ambacho hawana.

## Swali la siku ya 15

Nilidhani maelezo hayo yangemaliza safari. Nilikwisha kufunga mkoba. Daktari akanizuia.

"Dada, mpaka hapa nimekueleza kwa nini inawezekana ikawa hedhi. Sijakueleza kwa nini si ugonjwa wa utumbo. Hayo ni mambo mawili."

Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo ningelikumbuka vizuri zaidi kama ningekuwa na unyenyekevu zaidi. Magonjwa ya utumbo yenyewe huchachamaa wakati wa hedhi. Mwanamke mwenye utumbo unaokereka upesi, ambao hauna kidonda lakini hubanwa na kuachia ovyo, huzidiwa siku hizo. Mwenye ugonjwa wa Crohn, ambao ni uvimbe wa kudumu wa utumbo, au mwenye vidonda vya kudumu vya utumbo mpana, naye huzidiwa siku hizo, kwa sababu prostaglandini zilezile zinaufikia utumbo ambao tayari umewaka. Kwa hiyo kuharisha siku ya kwanza ya hedhi hakuusafishi utumbo na tuhuma. Kinachoweza kuusafisha ni ukimya wake katika siku nyingine zote.

Akanipa kazi ya miezi mitatu. Nichukue daftari la shule, kila siku niandike mstari mmoja: siku ya ngapi tangu hedhi ianze, choo mara ngapi na cha namna gani, nimetapika au sikutapika, kuna damu au kamasi, nimeamshwa usiku na tumbo au nimelala, na dawa niliyomeza. Mara moja kwa wiki nipime uzito.

"Siku ya kwanza ninaijua," alisema. "Mimi ninataka kuiona siku ya 15."

Mwezi wa kwanza daftari langu lilisomeka hivi. Siku tatu kabla ya hedhi, choo kigumu, jambo ambalo ni la kawaida kwa sababu projesteroni hupunguza mwendo wa utumbo. Siku moja kabla, choo laini mara moja na kiuno kizito. Siku ya kwanza, choo cha majimaji mara tano kuanzia alfajiri, kutapika mara tatu, hakuna kamasi. Siku ya pili, choo laini mara tatu, kichefuchefu bila kutapika. Siku ya tatu, mara moja. Siku ya nne, kawaida. Kuanzia hapo mistari ni mifupi na inafanana: mara moja, kawaida, nimelala.

Isipokuwa siku ya 17. Siku hiyo nilikwenda choo mara nne, cha majimaji, na nilikaa kitandani nikilitazama daftari kwa hofu ambayo sikuitarajia. Nilikuwa nimeanza kulipenda jibu la hedhi. Nilijaribiwa kutoiandika siku ile. Niliiandika, nikaongeza pembeni kwamba jana yake tulikuwa harusini na kwamba mume wangu na mwanangu nao wanaharisha. Daktari alipoiona alitabasamu, akasema siku moja yenye sababu inayoonekana, isiyojirudia, haimtishi. Angetishika kama siku hizo zingetawanyika mwezi mzima bila mpangilio.

Katika miezi mitatu uzito wangu haukushuka. Sikuamshwa na tumbo usiku hata mara moja nje ya siku mbili za mwanzo. Hilo la usiku alilikazia sana: utumbo unaokereka tu kwa kawaida hulala mwenye nao anapolala, lakini utumbo wenye vidonda humwamsha.

Kisha akanipima. Damu yangu ilikuwa 11.8, pungufu kidogo, na akasema kwa mwanamke anayepata hedhi nzito upungufu mdogo kama huo una maelezo yake ingawa haupaswi kusahauliwa. Halafu akaagiza kipimo cha choo kiitwacho kalprotektini. Hiyo ni protini inayobebwa na seli nyeupe za damu; utumbo ukiwa na uvimbe au vidonda, seli hizo huingia ndani yake na protini inaonekana kwenye choo. Chini ya 50 kwa kipimo chake huhesabiwa kuwa salama. Sampuli ilibidi ipelekwe Dar es Salaam.

Nilitaka kuitoa siku hiyo hiyo, ambayo ilikuwa siku yangu ya pili. Akakataa, kwa sababu mbili ambazo tangu hapo nimewaeleza wanawake wengi. Kwanza, damu ya hedhi inaweza kuchanganyika na choo na kuharibu majibu. Pili, nilikuwa nimemeza ibuprofeni, na dawa za jamii hiyo huukwaruza utumbo kiasi cha kuipandisha kalprotektini hata kwa mtu asiye na ugonjwa. Nikarudi siku ya 14 ya mzunguko uliofuata, nikiwa nimekaa zaidi ya majuma mawili bila kidonge chochote cha maumivu kwa kuwa mwezi huo niliamua kuvumilia. Majibu yalikuwa 31.

## Kidonge kabla ya maumivu

Kuhusu ibuprofeni nina jambo moja la kusema, kwa sababu niliimeza vibaya kwa miaka mingi nikatangaza kwamba hainifai.

Mwaka 1971 Mwingereza John Vane alionyesha kwamba aspirini na dawa za jamii yake hufanya kazi kwa kuzuia prostaglandini zisitengenezwe. Mwaka 1982 alipata Tuzo ya Nobeli pamoja na Wasweden wawili, Bergström na Samuelsson. Neno la kuzingatia hapo ni "zisitengenezwe". Kidonge hakiziondoi zilizokwisha kumwagika. Mwanamke anayesubiri mpaka atapike ndipo ameze, kama nilivyokuwa nikifanya, anafunga mlango baada ya maji kuingia ndani, na mara nyingi kidonge chenyewe kinatoka na matapishi yanayofuata.

Daktari alinielekeza nianze jioni ya siku ile choo kinapolainika na kiuno kinapokuwa kizito, miligramu 400 baada ya chakula, kila baada ya saa nane, kwa siku mbili au tatu basi. Mwezi wa kwanza wa kufanya hivyo nilikwenda choo mara mbili siku ya kwanza na sikutapika. Nililia kidogo, peke yangu, nikifikiria mitihani niliyoifanya nikiwa nimeinama juu ya dawati.

Dawa hiyo si ya kila mtu. Mwenye vidonda vya tumbo, mwenye ugonjwa wa figo, mwenye pumu inayoamshwa na aspirini, na anayedhani huenda ana mimba, aongee na daktari kwanza. Na aliyekwisha kutapika na kuharisha mpaka mkojo umekuwa wa rangi nzito asianze na kidonge hicho, kwa sababu figo zilizokauka huumizwa nacho. Aanze na maji, lita moja iliyochemshwa ikapoa, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, anywe funda moja moja.

Mwezi mmoja duka la dawa halikuwa na ibuprofeni, nikapewa asidi ya mefenamiki nikiambiwa ni ileile. Ni ya jamii ileile kweli, na maumivu yaliisha. Lakini niliharisha siku nne badala ya mbili. Kuharisha ni mojawapo ya madhara yanayojulikana ya dawa hiyo, na kama nisingekuwa na daftari ningeamini kwamba ugonjwa umebadilika.

## Simu ya binti wa shangazi

Nilikuwa nimekwisha kuwa mtu wa kuulizwa. Binti wa shangazi yangu, mwenye miaka 33, alinipigia simu mwezi wa Februari.

"Dada, nasikia wewe ulikuwa unaharisha kila ukiingia mwezini. Na mimi sasa ninaharisha, tumbo linakata, ninatapika."

Nilimjibu kwa uhakika wote wa mtu aliyepona. Nilimweleza prostaglandini, misoprostoli, hata bibi yetu. Nikamwambia anunue ibuprofeni na aanze mapema. Hatukuzungumza hata dakika kumi na tano.

Sikumuuliza ilianza lini. Ningemuuliza angeniambia kwamba ilianza mwaka uliopita, ilhali maumivu ya hedhi ya aina yangu kwa kawaida humwanza msichana ndani ya mwaka mmoja au miwili baada ya kuvunja ungo. Tumbo la hedhi linaloanza ukubwani linahitaji maelezo mengine.

Sikumuuliza kuhusu siku ya 15.

Miezi miwili baadaye alinipigia tena. Ibuprofeni imepunguza maumivu ya mfuko wa uzazi, alisema, lakini kuharisha kumezidi na sasa kunakuja hata hedhi ikiwa imekwisha. Ndipo nilipomuuliza, kwa moyo unaodunda, yale ambayo nilipaswa kumuuliza Februari. Ndiyo, anaamka usiku, mara mbili au tatu, tangu mwaka jana. Ndiyo, sketi zimelegea kiunoni, ila alidhani ni mawazo ya kazi. Damu?

Akanyamaza kidogo. "Dada, mimi nipo hedhini, nitaijuaje ya choo na ya hedhi? Na choo chetu ni cha shimo, hata huoni."

Swali lake lilikuwa la haki kabisa. Nilimwambia siku ambayo hana hedhi ajisaidie kwenye kopo safi atazame. Kesho yake asubuhi alinitumia ujumbe wa maneno mawili: damu, kamasi.

Siku hiyo hiyo nilimwambia aache ibuprofeni na nikamwomba daktari wangu ampokee. Kalprotektini yake ilikuwa zaidi ya 600, na ingawa vidonge nilivyomshauri huenda vilichangia, namba hiyo pamoja na damu, usiku na uzito havikuacha nafasi ya kungoja. Alipelekwa hospitali kubwa akafanyiwa kolonoskopi, yaani bomba lenye kamera lililopitishwa njia ya haja kubwa. Walikuta utumbo mpana mwekundu, unaotoka damu ukiguswa, kuanzia mwisho wake kupanda juu bila kuacha nafasi nzima katikati. Walikata vinyama vidogo vya kupima na kutafuta kwanza kifua kikuu cha utumbo na amiba, kwa kuwa huku kwetu magonjwa hayo yanaweza kufanana na vidonda vya kudumu vya utumbo mpana, na dawa za kutuliza kinga zikitolewa kwa makosa zinaweza kuyachochea. Hayakuwapo. Ulikuwa ugonjwa wa vidonda vya utumbo mpana, ule wa kudumu, naye akaanzishwa dawa iitwayo mesalazini.

## Wiki hizi

Kwa wiki kadhaa nimekuwa nikiirudia simu ile ya Februari. Daktari aliniambia kwamba haiwezekani kusema kama vidonge vyangu ndivyo vilivyouwasha utumbo wake zaidi. Kwa baadhi ya wagonjwa dawa hizo huchochea ugonjwa, kwa wengine hazifanyi lolote. Nimelipokea jibu hilo, ila sijaweza kulitumia kama faraja.

Kinachonisumbua ni kwamba sikumdanganya. Kila nilichomwambia kilikuwa kweli, hata kwake. Prostaglandini zilikuwa zikimharisha siku ya kwanza kama mimi. Alikuwa na mambo yote mawili kwa wakati mmoja, nami nilipoliona moja nikaacha kutafuta la pili. Waganga walioniandikia dawa ya taifodi walifanya hivyo hivyo, nikawahukumu moyoni.

Nilimuuliza daktari kama ibuprofeni kunisaidia mimi kulithibitisha lolote. Alisema kidogo tu, kwa kuwa hata maumivu ya endometriosisi hupungua kwayo. Huo ni ugonjwa ambao tishu inayofanana na utando wa mfuko wa uzazi huota nje yake, wakati mwingine juu ya utumbo. Dalili yake ya kuuliza ni maumivu makali wakati wa kupitisha choo siku za hedhi, maumivu ya ndani wakati wa tendo la ndoa, na maumivu yanayoanza siku nyingi kabla ya damu na kubaki baada yake. Picha ya kawaida ya utrasaundi inaweza kutoka safi na ugonjwa ukawapo. Sikuwa na dalili hizo. Nilishukuru kwamba mtu aliniuliza.

Sasa mwanamke akinipigia simu kuhusu tumbo la hedhi, simwelezi kemia mpaka nimemaliza maswali. Lilianza ukiwa na umri gani? Siku ambazo huna hedhi choo kikoje? Unaamka usiku? Nguo zinakutosha? Umewahi kuona damu au kamasi siku kavu? Kuna mtu wa ukoo mwenye ugonjwa wa utumbo? Likipatikana jibu moja linalonitia shaka, ninamwambia asitafute dawa kwangu, aende hospitali na daftari.

Binti wa shangazi yangu naye ana daftari. Lake ni la jalada la bluu, na tumekubaliana kwamba anitumie picha ya ukurasa kila Jumapili. Jana niliupokea. Siku ya 12, mara tatu, damu kidogo. Siku ya 13, mara mbili, hakuna damu. Siku ya 14, mara moja, na pembeni ameandika kwa mwandiko wake mdogo: nimelala mpaka adhana.